Mkataba wa siri: kagua vitenzi na tarehe kabla ya kusaini

Leo nataka kuzungumzia karatasi ambayo miaka ya nyuma sikuwahi kuiona kijijini, na sasa naletewa mara kwa mara: mkataba wa kutunza siri. Msindikaji wa mjini anataka kununua mali kwa kikundi, na kabla hawajaonyeshana bei, wateja au namna ya kutengeneza bidhaa, mmoja anatoa kurasa mbili na kusema, "Tusaini kwanza hii." Msimamo wangu ni huu. Kama karatasi hiyo inajiita ya pande mbili, basi kila wajibu ulioandikwa ndani yake uwafunge wote wawili kwa maneno yale yale, na muda wake uwe mmoja kuanzia kichwa cha habari hadi penye sahihi. Ikishindwa katika moja ya hayo mawili, irudishwe ikaandikwe upya, hata kama ina muhuri na hata kama gari la kurudi Matombo linapiga honi.

Nitatumia rasimu moja kama mfano. Majina nayaacha. Upande mmoja ni msagaji wa viungo hapa Msamvu, anayefungasha viungo vya chai na kuwauzia wenye maduka na vibanda karibu na stendi. Upande wa pili ni kikundi cha wakulima wa milimani upande wa Matombo, wenye iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Msagaji ana siri ya uwiano wa mchanganyiko wake, yaani anaweka kiasi gani cha tangawizi kwa kiasi gani cha iliki, na ana orodha ya maduka yanayomnunulia. Kikundi nacho kina siri zake: orodha ya wakulima na kiasi anachovuna kila mmoja, bei wanayolipana ndani, na namna wanavyokausha iliki kivulini ikabaki na rangi yake ya kijani badala ya kupauka juani.

Hofu ya kila mmoja ni rahisi kuielewa. Kikundi kikipewa uwiano, kinaweza kuupeleka kwa msagaji mwingine wa Kihonda. Msagaji akipewa orodha ya wakulima, anaweza kukiruka kikundi, akapanda mlimani na pikipiki, akanunua shambani kwa mkulima mmoja mmoja. Mkataba mzuri hapa ni ule unaoziba njia zote mbili.

Kichwa cha rasimu ile kilisema "Makubaliano ya Pande Mbili ya Kutunza Siri". Kifungu cha kwanza kikaeleza Taarifa za Siri ni nini: "taarifa yoyote ya Msagaji kuhusu mchanganyiko, wateja, bei na vifungashio." Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wengi hawaoni kwa sababu kichwa kimeshawatuliza. Kila kifungu kinachofuata kinatumia neno Taarifa za Siri. Hata kifungu cha nne kikisema "kila upande utatunza Taarifa za Siri", maana yake halisi ni kwamba kikundi kitatunza siri za Msagaji, na Msagaji atatunza siri zake mwenyewe. Siri za kikundi hazimo kabisa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma ni maelezo ya maana ya siri, tena kabla ya kifungu kingine chochote. Kama jina la upande mmoja tu limetajwa hapo, hakuna sentensi ya mbele itakayoweza kuliponya kosa hilo.

Dawa yake ni kuandika kwa nafasi anayokuwa nayo mtu kwa wakati ule badala ya jina lake. Kwa mfano: "Taarifa za Siri ni taarifa yoyote ya biashara isiyojulikana na watu, ambayo upande mmoja (Mtoaji) unaupa upande mwingine (Mpokeaji) kwa ajili ya mazungumzo haya. Kila upande ni Mtoaji kwa taarifa zake na ni Mpokeaji kwa taarifa za mwenzake." Baada ya sentensi hizo mbili, kila mahali penye neno Mpokeaji panamhusu Msagaji anapopewa orodha ya wakulima, na panakihusu kikundi kinapopewa uwiano. Mkitaka kutaja mifano, itajeni ya wote: mchanganyiko na wateja wa huyu, wakulima na njia ya kukausha ya wale.

Sasa nifike kwenye vitenzi, maana Kiswahili kina tabia moja ambayo hapa ni lazima kuiangalia. Katika lugha yetu kitenzi kinabeba mtendaji ndani yake. "Hatatoa" ni sentensi kamili, lakini nani hatatoa? Mkataba unaweza kumfunga mtu bila kumtaja jina katika sentensi nzima. Kwa hiyo kutafuta jina lako tu kwenye karatasi hakutoshi. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi kinachoanza na "ata", "hata", "uta", "hauta", "zita", "hazita", "wata" na "hawata", kisha pembeni andika ni nani. Usiandike unavyodhani walikusudia. Andika kile ambacho sentensi inasema.

Na tabia hiyo hiyo inakupa msaada. Upande mmoja ukizungumziwa, kitenzi kinakuwa "utatunza". Pande zote mbili zikizungumziwa, kinakuwa "zitatunza". Mtu mmoja akizungumziwa, kinakuwa "atatunza". Sasa ukiona kifungu cha nne kinasema "kila upande utatunza", halafu kifungu cha tano ghafla kinasema "atarudisha nyaraka zote", ujue kuna kipande kimetolewa kwenye mkataba mwingine, uliokuwa wa kumfunga mtu mmoja, kikabandikwa hapa. Mwandishi alibadilisha kichwa na kifungu kimoja viwili, akasahau vingine. Katika rasimu ya Msamvu vifungu viwili vilibadilika hivyo, cha tano na cha nane, na vyote viwili vilikuwa vya kukibana kikundi.

Kifungu cha tano kilikuwa hivi: "Mazungumzo yakiisha, Msambazaji atamrudishia Msagaji nyaraka zake zote ndani ya siku saba." Msambazaji ni kikundi. Kwanza, kinachorudisha ni kikundi peke yake. Karatasi ya orodha ya wakulima inabaki kwa Msagaji kihalali. Pili, "nyaraka zake" ni za nani? Neno "zake" linaweza kuwa la Msambazaji au la Msagaji, na katika sentensi hii watu wawili wametajwa. Kanuni yangu kwenye mikataba ni kwamba "yake", "zake" na "wake" ziondolewe kila panapotajwa wahusika wawili, nafasi yake ichukuliwe na neno lenyewe, hata kama sentensi itakuwa na marudio yasiyopendeza. Tulivyoiandika: "Mazungumzo yakiisha, kila upande utarudisha nyaraka ulizopewa na upande mwingine, na utafuta nakala zilizo kwenye simu, ndani ya siku saba." Hiyo habari ya simu msiiache, kwa sababu siku hizi orodha ya wakulima haitoki kwenye daftari, inapigwa picha na kutumwa WhatsApp.

Njia nyepesi ya kupima kifungu kimoja kimoja ni kubadilisha majina. Msomee mwenzako kifungu, lakini kila penye Msagaji sema Msambazaji, na penye Msambazaji sema Msagaji. Kama aliyeleta karatasi anakubali kukisaini kifungu hicho kikiwa kimegeuzwa, kifungu ni cha pande mbili. Akikunja uso, umeshapata jibu. Katika kikao chetu tulipogeuza kifungu cha nane, Msagaji mwenyewe alicheka, akasema, "Hapana, bwana shamba, hicho siwezi kusaini." Ndugu zake wa kikundi walikuwa wametakiwa wakisaini.

Kifungu hicho cha nane kilihusu fidia. Kilisema Msambazaji akivujisha siri "atalipa shilingi 5,000,000", lakini Msagaji akivujisha "atafidia hasara itakayothibitishwa". Mbele ya macho zinafanana, kila mmoja amepangiwa kulipa. Kwa kweli mmoja amewekewa kiasi kinachojulikana, na mwingine amepewa ngome: kikundi kitatakiwa kwanza kuthibitisha kwa risiti na mashahidi kwamba kilo fulani hazikuuzwa kwa sababu ya orodha ile. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kiasi kikitajwa kwenye mkataba, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, kwa hiyo ile milioni tano siyo lazima itolewe yote. Hata hivyo anayeanza na tarakimu mkononi yuko pazuri kuliko anayeanza na mzigo wa kuthibitisha. Wekeni kiasi kilekile kwa wote, au wekeni hasara iliyothibitishwa kwa wote. Kwa kikundi kidogo napendekeza la pili, kwa sababu kiasi kikubwa kilichotajwa kinawatisha wanachama hata pale wasipokuwa na kosa.

Kuna kifungu kingine kinachopitwa haraka sana, cha mambo yasiyohesabika kuwa siri. Kwa kawaida kinasema Mpokeaji hafungwi na jambo alilolijua tangu awali, jambo linalojulikana na watu wote, au jambo aliloambiwa kihalali na mtu mwingine. Ni kifungu cha haki, ila hakikisheni kinamlinda kila Mpokeaji. Kwenye rasimu ile kilimlinda Msagaji tu. Maana yake ni kwamba Msagaji angeweza kusema, "Wakulima hawa nilikuwa nawafahamu zamani," lakini mwanakikundi ambaye bibi yake amekuwa akichanganya tangawizi na iliki maisha yake yote asingeweza kusema alilijua hilo tangu awali.

Kabla sijaacha suala la pande mbili, niseme kwamba mkataba wa upande mmoja siyo dhambi. Kama wewe unapeleka tu mali na hutoi siri yoyote, wakati mwenzako anakuonyesha uwiano wake, ni sawa ufungwe wewe peke yako, na karatasi iitwe hivyo. Ninachokataa ni karatasi inayojiita ya wote huku ndani inamfunga mmoja. Huyo aliyefungwa atatoa siri zake akiamini zina ulinzi, na ulinzi haupo.

Twende kwenye muda. Hapa rasimu ya Msamvu ilikuwa na vituko zaidi. Kichwa kidogo chini ya jina kilisema "Makubaliano ya miezi kumi na nane". Kifungu cha pili kilisema mkataba "utadumu kwa miaka miwili kuanzia tarehe ya kusainiwa". Kifungu cha sita kilisema siri zitatunzwa "kwa miaka mitatu (2) baada ya mkataba kwisha"; maneno yanasema tatu, tarakimu inasema mbili. Kifungu cha tisa kikamalizia kwamba wajibu utaendelea "kwa misimu miwili baada ya ushirikiano kusitishwa".

Tufanye hesabu ya kalenda, maana bila kalenda makosa haya yanaonekana madogo. Tuseme wamesaini tarehe 1 Machi 2025. Kwa kichwa kile, mambo yanaisha tarehe 31 Agosti 2026. Kwa kifungu cha pili, yanaisha tarehe 28 Februari 2027. Kwa kifungu cha sita ukisoma maneno, siri inatunzwa hadi 28 Februari 2030, na ukisoma tarakimu ni hadi 28 Februari 2029. Kwa kifungu cha tisa hakuna ajuaye, kwa sababu msimu wa iliki siyo msimu wa karafuu, na mkataba haukutaja zao. Karatasi moja ya kurasa mbili imetoa tarehe nne na fumbo moja. Siku Msagaji atakapoonekana Matombo mwaka 2028 akinunua kwa wakulima wa orodha ile, yeye atashika kifungu cha pili, kikundi kitashika cha sita, na kila mmoja atakuwa anasoma karatasi aliyoisaini.

Sheria ya Mikataba inasema mapatano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kufanywa ijulikane, ni batili. Sisemi kila tarehe iliyogongana inaua mkataba mzima. Mahakama itajaribu kutafuta mlichokusudia. Lakini kutafuta huko kunachukua muda na nauli, na kwa gunia chache za mdalasini wengi wenu mtaachia njiani. Kwa hiyo, ingawa mkataba haujafa kisheria, kwako umekufa.

Msije mkadhani, hata hivyo, kwamba kila penye vipindi viwili pana kosa. Hapa ndipo hata wanaojua kusoma mikataba huteleza, wakafuta kimoja ambacho kilikuwa na kazi. Mkataba wa siri kwa asili una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni cha kubadilishana taarifa: kuanzia lini hadi lini mnaonyeshana mambo yenu. Kipindi cha pili ni cha kutunza: taarifa zile zilizokwisha kutolewa zitabaki siri hadi lini. Ukiwa na kimoja tu, unapata tatizo hili: mkataba wa miaka miwili tangu kusainiwa, ukisainiwa 1 Machi 2025, unaisha 28 Februari 2027. Ukitoa orodha ya wakulima mwanzoni, inalindwa miaka miwili. Ukitoa orodha mpya tarehe 10 Januari 2027, inalindwa wiki saba. Mtu mwenye subira anasubiri tu.

Kwa hiyo vipindi viwe viwili, kila kimoja kiwe na jina lake, na kila kimoja kitajwe mara moja tu katika kifungu kimoja. Kwingine kote mkataba uite jina, usirudie idadi ya miaka. Hii ndiyo kanuni inayoondoa migongano karibu yote: idadi ya miaka ikiandikwa mahali pamoja haiwezi kugombana na nyingine. Siku mkitaka kubadilisha, mnabadilisha sehemu moja.

Kuna njia mbili za kuweka mwisho wa kutunza. Wanasheria wengi hupenda kusema kila taarifa itatunzwa kwa miaka kadhaa tangu siku ilipotolewa. Ni njia nzuri kwa kampuni yenye karani wa kumbukumbu, kwa sababu inahitaji daftari la kila taarifa na siku yake. Kikundi cha Matombo hakina daftari hilo, na msagaji anayesaga, kupakia na kuuza mwenyewe hatalijaza. Mimi nashauri tarehe moja ya kalenda kwa kila kitu. Tulivyoandika kwenye mfano wetu ni hivi:

"Kipindi cha Kubadilishana Taarifa kinaanza tarehe 1 Machi 2025 na kinaisha tarehe 28 Februari 2026. Kila upande utatunza Taarifa za Siri za upande mwingine hadi tarehe 28 Februari 2029 (Mwisho wa Kutunza Siri), bila kujali taarifa hiyo ilitolewa siku gani ndani ya Kipindi hicho. Mazungumzo yakivunjika mapema, Mwisho wa Kutunza Siri haubadiliki."

Angalieni sentensi ya mwisho. Bila hiyo, mtu anayetaka kuwahi anavunja mazungumzo mwezi wa tatu, kisha anadai kila kitu kimekwisha naye. Pia angalieni kwamba hakuna "miaka mitatu" popote. Kuna tarehe tu. Tarehe haihitaji kuhesabiwa, wala haihitaji tarakimu ndani ya mabano inayoweza kugombana na neno. Mkiendelea kufanya biashara baada ya Februari 2026, andikeni nyongeza ya ukurasa mmoja, wote wasaini, na ibadilishe tarehe hizo tu.

Msichanganye tarehe hii na muda wa kudai. Mwisho wa Kutunza Siri unasema hadi lini mwenzako amefungwa mdomo. Kama aliuvunja mkataba ndani ya muda huo nawe ukajua baadaye, muda wa kufungua madai ni jambo jingine, na kwa madai ya mkataba sheria ya ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita. Nimewahi kusikia mtu akishauriwa aache madai kwa kuwa "mkataba umeshaisha". Ushauri huo haukuwa sahihi.

Kutafuta muda kwenye rasimu, kama iko kwenye simu au kompyuta, tumieni sehemu ya kutafuta maneno, lakini kwa akili ya Kiswahili. Ukitafuta "mwaka" hupati "miaka", na ukitafuta "mwezi" hupati "miezi", kwa kuwa neno linabadilika mwanzoni. Tafuteni yote manne, kisha "siku", "msimu", "misimu", "muda", "kipindi", "tarehe", "hadi", "mpaka" na "baada ya". Kila mtakapofika, andikeni pembeni: kinachoanza ni nini, kinaisha lini, kinamhusu nani. "Baada ya mkataba kwisha", "baada ya mazungumzo kuvunjika" na "baada ya kusainiwa" ni siku tatu tofauti. Na neno "msimu" liondoeni kabisa. Sisi wa shamba tunalipenda, na linatufaa kwa kupanga kupanda, ila mvua haisaini mikataba.

Swali linalobaki ni la siri ambazo hazizeeki. Bei ya karafuu ya mwaka huu, ukiivujisha baada ya misimu kadhaa, haimuumizi mtu. Uwiano wa mchanganyiko ni kitu kingine. Utakuwa na thamani siku zote utakazouza viungo hivyo. Msagaji alitaka uwiano wake utunzwe bila mwisho, na nadhani alikuwa na haki. Kosa lake lilikuwa kuliweka ombi hilo kwenye kifungu cha mbali, cha kumi na moja, kikipingana na tarehe ya kwanza. Jambo la namna hii liwekwe palepale penye tarehe, kama sentensi moja ya nyongeza, na lipimwe kwa kugeuzwa kama vifungu vingine. Tulipoligeuza, kikundi kikauliza: na njia yetu ya kukausha iliki, je? Ikawa hivi: "Isipokuwa uwiano wa mchanganyiko wa Msagaji na njia ya kukausha ya Kikundi, ambavyo upande uliopokea utavitunza hata baada ya tarehe hiyo, mpaka vitakapojulikana na watu bila kosa la upande huo." Orodha ya wakulima ilibaki kwenye tarehe ya kawaida. Kikundi kililalamika kidogo, lakini watu wanahama, wanaacha kulima iliki, na wengine wana namba zao za simu ubavuni mwa gunia. Kuifunga orodha hiyo milele kungeleta ugomvi usio na maana.

Kuna watakaoniambia kwamba haya ni kazi ya wakili. Ni kweli kwa mkataba mkubwa, na mimi ni bwana shamba, si mwanasheria. Mkiweza kumpata wakili mpelekeeni, na msaidizi wa kisheria anayefanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 anaweza kuwaelekeza. Lakini wakili hajui kama orodha ya wakulima ndiyo siri yenu kubwa au bei. Ukimpelekea karatasi ambayo vitenzi vimepigiwa mstari na tarehe zimeandikwa pembeni, atafanya kazi ya saa moja badala ya kuwauliza maswali mchana kutwa.

Mwisho wa ukaguzi ni wakati wa kuchapa. Rasimu ikisharekebishwa mara tatu, kwenye kompyuta ya steshenari kunakuwa na mafaili matatu yenye majina yanayofanana, na kinachochapwa mara nyingine ni la zamani. Baada ya kuchapa nakala mbili, msizisaini papo hapo. Mmoja asome yake kwa sauti, neno kwa neno pamoja na namba za vifungu, mwingine afuatilie kwa kidole kwenye ya kwake. Kurasa mbili huchukua kama dakika kumi. Kisha kila ukurasa usainiwe chini na wote wawili, siyo wa mwisho tu, na penye marekebisho ya kalamu waweke sahihi pembeni kwenye nakala zote mbili. Anayesaini kwa niaba ya kikundi aandike cheo chake na abaki na muhtasari wa kikao kilichomruhusu. Tarehe ya kusaini iandikwe kwa mkono na kila mmoja siku hiyohiyo. Na kama mmoja atasaini wiki inayofuata, tarehe za mwanzo na mwisho zilizochapwa kwenye kifungu haziguswi, kwa kuwa hazikutegemea siku ya sahihi.